Picha ya raba: lenzi fupi kwa karibu au lenzi ndefu kwa mbali?

Muuza raba wa Dar es Salaam akitaka picha ya tangazo ana njia mbili. Anaweza kumpa kazi mpiga picha, au anaweza kuchapa maelezo kwenye programu ya akili mnemba inayochora picha kutokana na maneno. Njia zote mbili zinaanzia mahali pamoja, kwenye maneno: chini, juu, ubavuni, robo tatu, `24mm`, `85mm`. Ukimwambia mpiga picha "nipigie kwa chini na lenzi ya 24" umeshaamua kiatu kitaonekanaje kabla kamera haijatoka kwenye begi. Ukichapa maneno hayohayo kwenye programu, umeamua pia, ila unachopata huenda kikawa kingine kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Hapa nalinganisha chaguo mbili ambazo wauzaji wengi wa Kariakoo hunitajia. Ya kwanza ni picha ya lenzi fupi, kama ile ya 24, iliyopigwa kwa karibu, kiatu kikikuelekea kana kwamba kinataka kutoka kwenye skrini. Ya pili ni picha ya lenzi ndefu, kama ile ya 85, iliyopigwa kwa mbali, kiatu kimetulia na vipimo vyake viko sawa. Kiatu tutakachofanyia kazi ni kimoja: raba nyeupe ya shingo fupi, kipande chekundu kisiginoni, urefu wa sentimita 30 hivi kutoka puani hadi kisiginoni. Pua ni jina nitakalotumia kwa sehemu ya mbele, pale vidole vinapokaa.

Msimamo wangu nautoa mapema: chagua pembe kwanza, lenzi baadaye. Kuna pembe ambayo neno la lenzi linabadilisha kila kitu, na kuna pembe ambayo neno hilo halifanyi karibu chochote.

Kinachovimbisha pua ni umbali

Watu husema lenzi ya 24 "inavimbisha" kiatu. Ukitazama kwa makini, lenzi peke yake haina kosa. Kinachofanya pua iwe kubwa na kisigino kiwe kidogo ni jinsi kamera ilivyo karibu na kiatu. Lenzi fupi huona eneo pana, kwa hiyo ili kiatu kijaze picha inabidi usogee karibu sana. Lenzi ndefu huona eneo jembamba, kwa hiyo inakulazimisha urudi nyuma. Lenzi inaamua utasimama wapi, na pale uliposimama ndipo umbo linapoamuliwa.

Tuchukue raba yetu tuigeuze robo tatu, yaani pua inaelekea upande wa kamera lakini ubavu nao unaonekana, kama nyuzi 45. Katika mkao huo kisigino kiko nyuma ya pua kwa sentimita 21 hivi. Kamera ina sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ya milimita 36 kwa 24, na tunataka picha ibebe upana wa sentimita 37 au 38 pale pua ilipo, ili kiatu kijae vizuri bila kubanwa. Hesabu inakuja hivi:

| Lenzi | Umbali wa kamera na pua | Pua inakuzwa kuliko kisigino |
|---|---|---|
| 24mm | sentimita 25 | mara 1.8 |
| 50mm | sentimita 52 | mara 1.4 |
| 85mm | sentimita 89 | mara 1.2 |

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa lenzi ya 24, pua iko sentimita 25 kutoka kamera na kisigino kiko 46. Gawanya 46 kwa 25, unapata 1.8. Kwa lenzi ya 85, kisigino kiko sentimita 110 na pua iko 89. Ukigawanya unapata 1.2. Kiatu ni kilekile na kimejaa picha kwa kiwango kilekile, lakini katika picha ya kwanza pua imekuzwa karibu mara mbili ya kisigino, na katika ya pili tofauti ni ndogo kiasi kwamba jicho linaikubali kama kiatu kilivyo mkononi.

Ukikigeuza kiatu pua ikuelekee moja kwa moja, mambo yanazidi. Urefu wote wa sentimita 30 unakuwa kina. Kwa umbali uleule wa sentimita 25, pua inakuzwa mara 2.2. Hapo kisigino chekundu, ambacho ndicho alama ya kiatu hiki, kinakuwa kidoa kidogo kule nyuma au kinapotea kabisa.

Na hili linawagusa zaidi wanaopiga kwa simu, yaani karibu wote. Kamera kuu ya simu nyingi ina upana wa kuona unaolingana na lenzi ya milimita 24 hadi 26. Muuzaji anayeinama juu ya kaunta na kusogeza simu mpaka kiatu kijae kioo, anapiga picha ya safu ya kwanza ya jedwali bila kujua. Dada mmoja mwenye duka karibu na Mtaa wa Congo aliniletea simu yake akaniuliza, "Kaka, mbona wateja wananiuliza kama hii ni namba 44 wakati ni 40?" Picha zake zote zilikuwa za robo tatu kwa karibu. Pua imejaa mbele, kisigino kimesinyaa, na mteja wa Mbagala ambaye hajawahi kukishika kiatu anakisia ukubwa kwa kile anachokiona. Boda ikifika na kiatu kikaonekana kidogo kuliko picha, mzigo unarudi na nauli ya boda imeshaliwa.

Tiba yake haidai kamera mpya. Rudi nyuma hadi mita moja, kisha tumia ukuzaji wa `2x` au kata picha baadaye. Kwa mita moja, tofauti ya pua na kisigino inashuka hadi mara 1.2, ileile ya lenzi ya 85, kwa sababu umbali ndio unaotenda kazi. Gharama yake ni ukali: kwenye picha ya upana wa pikseli 4,032 kiatu kitabaki na pikseli elfu moja hivi, ambazo zinatosha kwa chapisho la Instagram lenye upana wa 1,080 lakini hazitoshi kwa bango. Ukitumia `2x` kwenye simu yenye lenzi halisi ya ukuzaji huo, unapata zaidi. Jambo la kuangalia: baadhi ya simu, ukisogea karibu sana, hubadilisha zenyewe kwenda kwenye lenzi pana kupita zote ili ziweze kupata fokasi. Hapo unaweza kuendelea kusogea karibu zaidi bila kujua, na uvimbe unaongezeka. Ukiona picha imeruka kidogo kwenye kioo wakati unasogea, ndiyo hiyo.

Pembe inayolifanya neno la lenzi kuwa na maana, na isiyolifanya

Sasa kigeuze kiatu kikae ubavu kamili, kamera ikiwa usawa wa kiatu. Pua na kisigino viko kwenye mstari mmoja sambamba na kamera, kwa hiyo vinakuzwa sawa, iwe umetumia 24 au 85. Uvimbe wa pua hakuna. Lenzi fupi bado ina athari, lakini ni nyingine: kwa kuwa uko karibu, unatazama katikati ya kiatu moja kwa moja huku ncha zote mbili ukizitazama kwa mshazari, basi pua na kisigino vinaonekana kama vinajikunja kuikwepa kamera, na mdomo wa kiatu unaanza kuonyesha ndani hata kama umeinua kamera kidogo tu. Ni dosari ndogo ambayo mnunuzi wa kawaida haitambui. Katika ubavu, ugomvi wa 24 na 85 si mkubwa. Ukiwa na nafasi ya kurudi nyuma, rudi; ukiwa kwenye kichochoro cha duka ambako mgongo unagusa rafu, usihangaike.

Picha ya juu kabisa, kiatu kimekaa sakafuni na kamera inatazama chini, iko katikati ya hizo mbili. Hapa kina ni urefu wa kiatu kwenda juu, sentimita 12 hivi hadi ukingo wa mdomo. Ukisimamisha kamera sentimita 60 juu ya sakafu, mdomo unakuzwa mara 1.25 kuliko soli. Kwa jozi iliyopangwa na kamba pembeni haidhuru, ila soli hujificha chini ya mwili wa kiatu, na raba ambayo uzuri wake uko kwenye soli inapoteza kila kitu.

Kwa hiyo ukiulizwa lenzi gani, jibu swali la pembe kwanza. Robo tatu na pua mbele ndizo pembe ambazo neno la lenzi linaamua sura. Ubavu ndio unaosamehe.

"Kwa chini" ni maelekezo mawili tofauti

Wateja wakisema "nipigie kwa chini" wanataka kiatu kionekane kikubwa, chenye heshima. Lakini kuna mahali kamera ilipo, na kuna upande inakotazama, na haya mawili huchanganywa.

Kamera inaweza kukaa chini kabisa, katikati ya lenzi ikiwa juu ya sakafu kwa sentimita 3 au 4, na ikatazama mbele bila kuinuliwa. Hapo soli inasimama wima, mstari wa sakafu unakuwa mwembamba, na kiatu kinaonekana kimetua ardhini kwa uzito wake. Huu ndio mkao ambao kwa programu za picha naueleza kama `ground level`. Au kamera inaweza kuinuliwa itazame juu, na kiatu kiwe kwenye kitu kilichonyanyuka, kwa mfano ngazi au ukingo wa ukuta. Hapo utaona chini ya soli, na mbingu au majengo yatakuwa nyuma yake. Hii ndiyo `low angle` kwa maana yake halisi.

Programu za kuchora picha zimejifunza kwa kulinganisha picha nyingi na maandishi yaliyoambatana nazo. `low angle` huandikwa mara nyingi kwenye picha za majengo marefu na watu waliotazamwa kutoka chini. Ndiyo maana ukichapa maneno hayo peke yake kwa ajili ya raba, mara nyingi unapata kiatu kinachoelea hewani huku soli yake ya chini ikionekana, au mguu wa mtu unaokukanyaga. Kama ulitaka kiatu kilichotua sakafuni, `ground level` pamoja na sentensi kwamba kiatu kimekaa sakafuni hufanya kazi vizuri zaidi.

`eye level` nayo ina mtego wake. Kwa mpiga picha wa bidhaa maana yake ni usawa wa bidhaa. Kwa programu, usawa wa macho ni wa mtu, na ukiwa umetaja kwamba kiatu kimevaliwa, unaweza kupata mtu mzima kuanzia kichwani huku raba ikiwa ndogo chini kabisa. Andika `camera at shoe height`, hakuna anayeweza kuielewa vingine.

Kuna alama moja ya kuhakiki ambayo ninaitumia kwa picha yoyote, ya kamera au ya kuchorwa. Tazama mdomo wa kiatu. Ukiona ndani yake, ukauona unyayo wa ndani na lebo, kamera ilikuwa juu ya kiatu, hata kama uliandika chini. Mdomo ukiwa mstari tu, kamera iko usawa wake. Ukingo wa mbele ukiuficha ukingo wa nyuma kabisa na mstari ukajipinda kwenda juu, kamera iko chini. Mdomo hautegemei maneno uliyochapa. Unaonyesha kamera ilikuwa wapi.

Namba ya lenzi kwa mpiga picha na kwa programu

Mpiga picha akisikia 85 atafunga lenzi ya 85 na kurudi nyuma hadi karibu mita moja. Fizikia itafanya iliyobaki. Programu haina lenzi ya kufunga wala sakafu ya kurudi nyuma. Inaposoma `85mm` inavuta kile ambacho kwa kawaida huandamana na namba hiyo, na lenzi ya 85 ni kipenzi cha picha za sura za watu, zile zenye nyuma iliyoyeyuka. Kwa hiyo badiliko la kwanza utakaloliona kwenye raba yako si pua kupungua. Ni nyuma kufifia na taa kugeuka viduara vya mwanga. Vilevile `24mm` huvuta picha za mandhari na majengo: kiatu kinapungua ukubwa, barabara na anga vinaongezeka, na ile pua ya kutisha uliyoitaka haijitokezi.

Tofauti ya `50mm` na `85mm` ndani ya programu kwa kawaida ni ndogo sana, na kuikimbiza kwa namba ni kupoteza muda. Ieleze sura yenyewe. Hapa kuna maelezo mawili ya raba yetu, yanayotofautiana mahali pamoja tu:

```
white low-top sneaker, red heel tab, three-quarter front view,
toe very close to camera, exaggerated perspective --ar 3:2 --seed 21
```

```
white low-top sneaker, red heel tab, three-quarter front view,
camera far away, natural proportions --ar 3:2 --seed 21
```

Huo ni mtindo wa Midjourney, ambako `--ar` ni uwiano wa picha na `--seed` ni namba ya kuanzia. Kuiweka namba ileile katika maelezo yote mawili kunafanya picha zianze kwenye nukta zilezile za ovyo, ili tofauti unayoiona itokane zaidi na maneno uliyobadilisha. Haigandishi kiatu, lakini. Kushona kutahama, matundu ya kamba yataongezeka au kupungua. Kwa hiyo usihukumu kwa picha moja. Midjourney hutoa picha nne kwa kila ombi. Weka nne za kwanza juu, nne za pili chini, na uliza ni kitu gani kinajirudia katika nne zote. Kinachojirudia kimeletwa na neno. Kilichotokea kwenye moja tu ni bahati.

Unapima vipi kama kweli uwiano umebadilika? Soli ya raba nyingi ni nene zaidi kisiginoni kuliko puani. Weka rula kwenye skrini upime unene wa soli sehemu zote mbili. Katika picha ya ubavu kisigino kitashinda. Katika picha ya karibu pua itashinda. Kama umeandika `exaggerated perspective` na bado kisigino kinaonekana kinene kuliko pua, maneno yako hayajafika. Yasogeze mwanzoni mwa maelezo au punguza maneno mengine yanayoshindana nayo.

Kuhusu kufifia, hapa kamera halisi ina ukomo ambao programu inaupuuza. Kwa upana tuliochagua, ukifungua tundu la lenzi liwe pana, hadi f/1.8, eneo lenye ukali ni kama sentimita moja na kidogo tu. Pua ikiwa kali, kamba zimeshafifia na kisigino ni ukungu mwekundu. Ukibana hadi f/11 unapata kama sentimita 8, na raba yetu ya robo tatu ina kina cha 21. Watu hudhani lenzi ndefu ndiyo inayokula ukali. Ukijaza kiatu kwa kiwango kilekile na kutumia namba ileile ya f, ukali juu ya kiatu ni karibu sawa kwa 24 na 85. Kinachozidi kwa lenzi ndefu ni ukubwa wa ukungu ule wa nyuma. Ndiyo maana kwa picha ya orodha ya bidhaa mpiga picha anabana f/16, anaweka fokasi kwenye matundu ya kamba ya mbele, au anapiga picha kadhaa kwa fokasi tofauti na kuziunganisha. Programu inaweza kukuchorea kiatu kikali kote na nyuma iliyoyeyuka kama siagi, kitu ambacho kamera haitakupa kwa mpigo mmoja wa kawaida. Ukimwonyesha mpiga picha mchoro huo kama mfano wa kazi, mwambie ni sehemu gani unaitaka, ukali au ukungu, asije akatumia nusu siku kukimbiza vyote viwili.

Nyuma ya kiatu: Kariakoo yote au mlango mmoja

Kuna sababu moja inayonifanya nisiitupe lenzi fupi, nayo ni mji. Tuseme unaweka raba barabarani na ukuta wa maduka uko mita 10 nyuma yake. Lenzi ya 24 itaonyesha upana wa mita 15 wa ukuta huo. Daladala ya Coaster ina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo Coaster mbili zinaweza kupangana nyuma ya kiatu na nafasi ikabaki. Lenzi ya 85, kiatu kikiwa na ukubwa uleule, itaonyesha kama mita nne na nusu: Coaster moja haienei, utaona mlango mmoja wa duka na pengine kipande cha mwavuli wa mama anayeuza matunda.

Kwa raba inayouzwa kwa hadithi ya mtaa, hiyo ni tofauti kubwa. Kwa 24 mtazamaji anajua yuko Dar. Kwa 85 anajua kuna rangi ya bluu na ya njano nyuma, basi. Lakini upana huo unaleta takataka pia: nyaya, ndoo, mtu anayepita akitazama kamera, gari lenye namba zinazosomeka. Kariakoo saa nne asubuhi haikupi mita 15 safi. Ukitaka lenzi fupi mtaani, nenda mapema jua likiwa chini, kabla meza hazijatoka barabarani, au hamia sehemu yenye nyuma tulivu kama ukuta wa bahari.

Programu nayo, ukiiandikia `24mm` na jina la mji, itajaza upana huo kwa kubuni. Mabango yatakuwa na herufi zisizosomeka na mabasi hayatafanana na ya kwetu. Ukiitaka nyuma ya kubuni, lenzi ndefu ni salama zaidi kwa sababu ukungu unaficha uongo. Mimi kwa tangazo la duka la hapa ningependelea ukuta halisi, hata kama ni mmoja na umechubuka.

Nichague ipi kwa picha ipi

Yule dada alihitaji picha tatu kwa kila raba. Ya kwanza, inayotangulia kwenye ukurasa, tuliifanya ubavu, kamera usawa wa kiatu, mita moja na kidogo, mandhari ya nyuma ni karatasi ya manila nyeupe iliyopindwa isionyeshe kona. Mteja anailinganisha na raba nyingine zilizopigwa hivyohivyo, na uwiano unabaki uleule kutoka kiatu hadi kiatu. Lenzi hapa haikuwa na mjadala.

Ya pili ni robo tatu, na hapa nilimshauri lenzi ndefu bila kusita. Hii ndiyo picha ambayo mnunuzi anaitumia kukisia umbo, kwa hiyo mara 1.2 ni bora kuliko 1.8. Kwa simu yake ni `2x` kutoka mita moja, simu ikiegemea rundo la maboksi ya viatu ili isitikisike.

Ya tatu ni ya kuvuta macho: chini kabisa, karibu, pua inakuja mbele. Hapa lenzi fupi inashinda, na uvimbe ndio tunaoutaka. Ila nilimwambia isitangulie wala isikae peke yake, na maelezo chini yake yataje namba ya kiatu. Kwa picha hii pia ndipo programu inapofaa, kama mchoro wa kupanga: unaijaribu `ground level` dhidi ya `low angle`, pua kulia dhidi ya kushoto, unaona ipi ina nguvu, kisha unakwenda kuipiga na kiatu chenyewe. Kumwuzia mtu raba kwa picha iliyochorwa na maneno sikubaliani nako, kwa sababu programu inabuni mishono, inabadilisha idadi ya matundu, na kile kipande chekundu kinaweza kuhamia ubavuni. Mteja analipia kiatu kilicho kwenye boksi.

Njia ya kati inayopendwa sasa ni kupakia picha halisi ya kiatu na kuiomba programu ibadilishe nyuma tu. Inafaa, kwa sharti moja: maneno ya pembe unayochapa yafuate pembe ya picha uliyopakia. Picha ya dada huyo ya kaunta ilipigwa kutoka juu, unyayo wa ndani unaonekana. Ukiiombea barabara iliyotazamwa kwa `ground level`, programu inaweka upeo wa barabara chini huku kiatu bado kinaonyesha ndani yake, na kiatu kinaonekana kimeinama mbele kama kinateleza kutoka kwenye lami. Kivuli nacho hakijui kiangukie wapi. Ukipata picha ya namna hiyo usiongeze maneno ya kurekebisha. Andika `high angle` na sakafu inayotazamwa kutoka juu, au kirudishe kiatu mezani, shusha simu hadi mdomo wa kiatu uwe mstari, upige tena.